Nimekula uji wa mahindi Leicester wiki 7 na bado damu imeshuka. Nakosea wapi?

NeemaWaMidlands
Wakuu salaam. Nipo Leicester tangu Septemba, nasoma, na nafanya kazi nyumba ya wazee zile saa 20 kwa wiki ambazo viza inaruhusu. Bajeti yangu ya chakula ni paundi 25 kwa wiki, nikizidisha naanza kukopa nauli.

Nilipofika niliapa sitaishi kwa mkate na tambi za dakika tatu kama wenzangu wa chumba cha pili. Nikasema nitakula chakula cha kwetu. Asubuhi uji wa mahindi na maziwa na sukari, jioni ugali, maharage na mboga. Unga wa ugali niliupata duka la Waafrika, kilo 2 paundi 6 na senti zake, nikaona huu ni wa Jumapili tu. Kwa ajili ya uji nikapata unga mweupe wa mahindi supamaketi, pakiti ndogo na si ghali. Uji wake mlaini ajabu, hauna hata kidonge kimoja. Nimeunywa wiki 7.

Sasa nimekuwa mtu wa kuchoka. Nikipanda ngazi mbili moyo unapiga kama nimekimbia. Saa 4 asubuhi njaa inauma hadi mikono inatetemeka. Daktari amepima damu, akiba ya chuma iko chini, amenipa vidonge na kuniambia nile nyama nyekundu zaidi. Nyama kwa bajeti ipi? Na mimi nilidhani chakula chetu ndicho chenye afya. Nimekosea wapi?

Abu_Ghubra
Dada, pole. Mimi niko Maskati mwaka wa 11 sasa. Huku kila kitu kipo, muhogo, ndizi mbichi, nazi, papa mkavu, samaki ndiyo usiseme. Unga wa sembe tunauagiza na jamaa anayekuja na ndege. Ukitaka nikuunganishe naye, anachukua oda za kuanzia kilo 20.

NeemaWaMidlands
Asante kaka, ila mimi niko Uingereza. Hiyo nauli ya kilo 20 ni chakula changu cha miezi miwili.

Otieno_wa_Baridi
Mimi ni Mjaluo wa Kisumu, niko Minnesota. Shida yako ni unga mweupe. Unga mweupe hauna kitu, kiini chote wametoa. Nunua wa njano, ule una vitamini A, ni kama dona. Mimi ugali wangu ni wa njano miaka 6 na niko fiti. Kuna wakati nilijaribu ule wa Wameksiko, Maseca, lakini ugali ukanuka kama ukuta uliopakwa chokaa. Watoto waligoma.

MamaLisheMstaafu
Neema mwanangu, kabla hatujafika kwenye nyama wala vidonge, nenda jikoni. Chukua ile pakiti ya unga wa uji, igeuze nyuma, kwenye lile jedwali dogo. Tafuta mstari wa protini kwa gramu 100. Uandike hapa. Halafu nijibu: uji wako ukipoa unaganda kama jeli, unang'aa, na ukiuminya unga mkavu kwa vidole unalia kama theluji?

NeemaWaMidlands
Shikamoo mama. Nimeangalia. Protini 0.4. Nyuzinyuzi 0.1. Na ndiyo, unalia vidoleni, na uji ukipoa ukigeuza kikombe haumwagiki. Mbele wameandika konflawa. Si ndiyo unga wa mahindi?

MamaLisheMstaafu
Marahaba. Umekuwa unakunywa wanga mtupu, mwanangu. Konflawa ya Uingereza ni ule unga tunaowekea mchuzi uwe mzito au tunaotengenezea kastadi. Wamechukua punje ya mahindi, wametoa ganda, wametoa kiini, wametoa hata protini, wakabakiza wanga peke yake. Ndiyo maana hauna kidonge. Unga halali wa mahindi, hata ule sembe uliokobolewa, mstari wa protini unasoma 7 au 8. Ukiona chini ya 1, rudisha kwenye rafu.

Mimi nilisomea lishe pale Sokoine, Morogoro, nikafanya kazi jiko la hospitali Birmingham hadi nilipostaafu. Nimeona watu wengi wakifanya hivi, na wengi ni akina mama wanaompa mtoto aliyeanza kula. Uji unaonekana mzuri, mtoto anashiba, lakini hakui. Jina la mbele ya pakiti limeandikwa kwa ajili ya Mwingereza, yeye anajua konflawa ni nini. Wewe unatafsiri neno kwa neno unapata "unga wa mahindi", na hapo ndipo unapopotea.

Sisemi konflawa ndiyo iliyokushusha damu. Akiba ya chuma haimalizwi na uji wa wiki 7, inaelekea ulikuja nayo ikiwa chini, kama wanawake wengi. Lakini ile njaa ya saa 4 ni yake. Na kuna kitu kingine nyuma yake. Kwetu Tanzania kuna kanuni tangu 2011 kwamba viwanda vikubwa viongeze virutubisho kwenye unga wa ngano na wa mahindi, Kenya wakafanya lazima 2012. Kwa hiyo ule unga wa pakiti uliouzoea nyumbani ulikuwa umetiwa chuma na wewe hukujua. Hapa Uingereza sheria inashika unga mweupe wa ngano, ndiyo unaoongezwa chuma, kalsiamu na vitamini B mbili. Wa mahindi haumo. Ukihama kutoka mkate kwenda ugali ukadhani umepanda daraja, kwenye chuma unaweza kuwa umeshuka.

Mtu_wa_Shifti
Duh. Yaani mkate wa supamaketi una chuma kuliko ugali wangu. Leo nimeishiwa.

Otieno_wa_Baridi
Mama, kwa hivyo niko sahihi kuhusu wa njano?

MamaLisheMstaafu
Nusu, baba. Ule wa njano una rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A kidogo, hapo una haki. Lakini njano si dona. Unga mwingi wa njano unaouzwa Marekani umetolewa kiini pia, ili usiharibike rafuni. Soma pakiti yako: kama wameandika kuwa kiini kimetolewa na kwamba umeongezewa virutubisho, basi wewe uko fiti kwa sababu ya hivyo walivyoongeza, siyo kwa sababu ya njano. Na Maseca usiitukane. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ndiyo harufu unayosikia. Ile chokaa inaongeza kalsiamu na kuifungua vitamini B moja ambayo kwenye ugali wetu mwili hauifikii vizuri. Ugali wake haupendezi, kweli. Tumia kwenye chapati za mahindi.

Otieno_wa_Baridi
Nimesoma. Wameandika vyote viwili, kiini kimetolewa na virutubisho vimeongezwa. Haya, nimenyamaza.

NeemaWaMidlands
Mama sasa ninunue nini? Polenta nayo nimeiona, ni ya njano, bei nafuu.

MamaLisheMstaafu
Polenta ni mahindi ya kweli lakini ni chenga. Ile inayoiva kwa dakika moja imepikwa tayari, iache, haishikamani. Ile ya kawaida unaweza kuisaga kavu kwenye blenda ikawa laini, au uikoroge na maji baridi kwanza, uipike kama uji dakika 15 ndipo uanze kuongeza unga na kusonga. Ukisonga haraka kama sembe ya nyumbani utakula mchanga.

Lakini mwanangu, uko Leicester. Unahangaika na supamaketi ya nini? Panda basi uende Belgrave, kwenye maduka ya Wahindi. Wazee wengi pale ni Wagujarati waliotoka Uganda, Amin alipowafukuza 1972, wengine walitoka Kenya na kwetu. Wakati ule manispaa ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini kwake. Wakaja. Wakafungua maduka, na vyakula vyetu vimo ndani, ila vimevaa majina yao. Muhogo wanauita mogo, na hilo neno wamelibeba kutoka kwetu. Kwa hiyo usiulize kwa Kiingereza, Kiingereza kitakupoteza.

Ulezi uliza ragi au nachni. Uwele ni bajri, mtama ni juvar. Mbaazi ni tuver, na kwenye friza utakuta mbaazi mbichi zimeshamenywa. Choroko ni mag. Kunde ni chori au choli. Mchicha ni tandaljo, upo majira ya joto. Unga wa mahindi unaosagwa na ganda lake wanauita makai au makki, ni wa njano, mzito kidogo, changanya nusu kwa nusu na mweupe laini mpaka mkono uuzoee.

Uji wako wa asubuhi uwe wa ulezi. Protini yake inakaribiana na ya mahindi, lakini kalsiamu inazidi miligramu 300 kwenye gramu 100, hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayofika huko.

MamanSombe
Bwana asifiwe. Miye ni wa Bukavu, niko Bruseli. Kweli kabisa, majina ndiyo yanatusumbua. Hapa Matonge tunapata sombe ya kugandishwa, imetwangwa tayari. Lakini wadada wadogo wanaipika dakika 10 kama spinachi! Hapana. Majani ya muhogo yana sumu yake, chemsha vizuri, sufuria wazi, saa moja hivi, ndipo utie mafuta na vitunguu. Ikiwa bado ina uchungu, haijaiva. Na bugali yetu tunachanganya muhogo na mahindi, lakini unga wa muhogo protini yake iko chini sana, mama atasema. Siku ya bugali ya muhogo mboga lazima iwe na samaki ao maharagi.

MamaLisheMstaafu
Sina la kuongeza hapo kwenye muhogo, umesema vizuri.

Mtu_wa_Shifti
Ngoja niwape dawa ya maharage. Nunua yale mekundu makavu, tupia kwenye sufuria la umeme la kupikia taratibu ukiwa unaenda shifti ya usiku, moto mdogo, asubuhi yameiva. Umeme kidogo, jasho hakuna. Mimi nafanya kila wiki.

KakaWaCoventry
Kaka Shifti, wewe unafanya nini mpaka hujafa? Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka juzi. Tulikula watu wanne saa 2 usiku, saa 4 tulikuwa tunapigania choo kimoja. Kutapika kwanza, kuhara baadaye. Mmoja akaanza kusema tumefanyiwa kitu. Kesho yake tuko wazima wote, wadhaifu tu.

Mtu_wa_Shifti
Hamkuosha sufuria.

MamaLisheMstaafu
Hapana, sufuria halina kosa. Hapa naomba watu wasome taratibu.

Maharage mekundu makavu yana sumu yake ya asili, na inakufa kwa moto wa kuchemka kwelikweli tu. Moto mdogo wa lile sufuria la umeme haufiki kuchemka. Tena ukiyapasha kama nyuzi 80 bila kuchemsha, sumu huweza kuzidi ile ya maharage mabichi. Punje 4 au 5 zinatosha kumtapisha mtu mzima. Dalili zinaanza saa 1 hadi 3 baada ya kula, kama alivyosema kaka wa Coventry, na zinaisha zenyewe kwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kibaya ni kwamba kwa nje yanaonekana yameiva, ni malaini kabisa. Huwezi kujua kwa kuonja.

Nyumbani hatukulijua hili kwa sababu mama zetu walichemsha kwa kuni masaa matatu, yanatokota hadi mfuniko unacheza. Jiko ndilo lililobadilika, maharage ni yale yale.

Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia mapya, chemsha yatokote kwa nguvu. Ushauri wa Uingereza ni dakika 10, Wamarekani wanasema 30. Mimi nashika 30, maji hayana gharama. Baada ya hapo ndiyo uyatie kwenye sufuria lako la umeme ulale. Au tumia presha kuka, ile inavuka kiwango cha kuchemka. Ya kopo yamepikwa tayari, hayana shida.

Shifti, hayo yako kila wiki ni mekundu kweli?

Mtu_wa_Shifti
Nimeenda kuangalia pakiti. Ni yale madogo yana jicho jeusi. Ni kunde. Samahani jamani.

MamaLisheMstaafu
Kunde na choroko na mbaazi hazina kiasi hicho cha sumu, ndiyo maana uko hai. Na kwa kweli kwa mtu wa chumba kimoja kama Neema mimi ningeacha maharage mekundu nikae na hizo. Choroko haihitaji kulowekwa, dakika 40 sufuria la kawaida.

KakaWaCoventry
Lakini mama umeme je? Mimi natumia mita ya kulipia kabla, kila nikichemsha naona pesa inashuka. Kopo ni senti 55 na unafungua tu.

MamaLisheMstaafu
Kopo la gramu 400 ukimwaga maji unabaki na 240 hivi za maharage. Kilo moja ya kavu ikiiva inakupa kilo 2 na zaidi, tuseme makopo 10. Hiyo ni paundi 5 na nusu za makopo dhidi ya 2 na nusu za kilo kavu. Ukiwa na presha kuka na ukapika kilo nzima kwa mkupuo, ukagawa kwenye friza, umeme haumalizi hiyo tofauti. Ukipika kikombe kimoja kimoja kwenye jiko la koili, afadhali kopo. Suuza tu lile maji ya chumvi.

KakaWaCoventry
Friza yetu ni ya watu sita, kila mtu droo moja. Kilo 2 za kunde zikae wapi? Bado niko kwenye kopo.

NeemaWaMidlands
Mimi umeme umo kwenye kodi, nitapika. Mama, na hii chuma sasa? Mboga nakula kila siku, spinachi ya kugandishwa. Na chai ya maziwa natelemshia chakula, mchana na jioni.

MamaLisheMstaafu
Hapo ndipo penyewe. Chai. Majani ya chai yanaikamata chuma ya mboga na maharage tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Nyama inaathirika kidogo, lakini wewe chuma yako yote inatoka kwenye mimea. Chai ikae saa moja mbali na chakula, kabla au baada. Nayajua maisha ya kwetu, chai ni mgeni wa kila meza, lakini kwa miezi hii mitatu ibadilishe saa.

Spinachi ina chuma kwenye maandishi, ila mwili unaipata kidogo tu. Chukua sukuma wiki. Hapa inauzwa ile ya kujikunja imekatwakatwa na mashina yake magumu, toa mashina, kata nyembamba. Au lile kabichi changa la kijani lisilofunga kichwa, ni rahisi zaidi na ndilo linalofanana na sukuma ya Nairobi. Kaanga na kitunguu na nyanya, ukiepua kamulia limau. Limau ndilo linaloisukuma chuma iingie. Ukikamulia mapema moto unaipunguza vitamini C.

Uji wa ulezi nao, pamoja na uzuri wake, una kitu kwenye ganda kinachokamata chuma. Bibi zetu walikuwa wanauchachusha. Kikombe 1 cha unga, kikombe 1 na nusu cha maji ya uvuguvugu, funika na kitambaa. Morogoro kesho yake ni mchachu. Leicester mwezi wa 12 utangoja siku 2 au 3, weka karibu na kipasha joto. Ukiona vipovu na harufu kama ya mtindi, pika, bakiza vijiko viwili vya kuanzishia wa kesho. Ukiona utando wenye rangi ya waridi au manyoya meusi, mwaga wote, usijaribu kuutoa juu juu.

Na vidonge vya daktari usiache. Akiba ikishaisha, chakula peke yake huijaza polepole mno. Vimeze kwa maji au juisi ya machungwa, wala si kwa chai.

Otieno_wa_Baridi
Na omena? Huwezi kuongea damu na ukaacha omena.

MamaLisheMstaafu
Kwenye maduka ya Wabangladeshi muulize samaki wanaoitwa keski, wadogo, wamegandishwa kwa kibonge. Wanafanana na dagaa, unakula na mifupa. Yeyusha, suuza mara mbili, kaanga na nyanya. Wasipokuwepo, sadini wa kopo, na mifupa usiitoe. Halafu samaki kidogo ndani ya kunde anaisaidia hata chuma ya kunde yenyewe kuingia.

Mama_Wawili_Leeds
Nina swali. Nina mimba ya miezi 4, shangazi yangu ananiambia nile maini ya kuku kila siku kwa damu. Ni rahisi sana hapa.

MamaLisheMstaafu
Mwanangu, kwa mimba usile maini. Yana vitamini A nyingi kupita kiasi na NHS wanakataza kwa wajawazito. Shangazi ana nia njema. Ongea na mkunga wako akupime damu, kunde na samaki ziendelee.

NeemaWaMidlands
Narudi baada ya wiki 3.

Belgrave nilikwenda. Nimeingia duka la pili nikasema "nachni", mzee akaniangalia, akanijibu kwa Kiswahili, "Unataka ulezi?" Anatoka Jinja. Akaniuliza bei ya ndizi Kariakoo utadhani ndiyo ninakotoka leo asubuhi.

Nilivyonunua wiki ile: unga wa ulezi kilo 1 paundi 2.20, unga mweupe laini wa mahindi kilo 1 na nusu 2.60 (protini 7.5, niligeuza nyuma hapo hapo), kunde kavu kilo 1 kwa 2.40, mbaazi mbichi za friza 1.80, kabichi la kijani mafungu mawili 1.80, keski 2, nyanya za kopo nne 2, vitunguu 1, malimau 1, mayai 2. Jumla 18.80. Unga na kunde zimevuka wiki, kwa hiyo wiki ya pili nilitumia 11.

Uji wa kwanza niliuchachusha siku 3, nikaupika, ulikuwa mkali hadi nikakunja uso. Wa pili nilitoa siku ya 2, huo ndio wenyewe. Njaa ya saa 4 imekwisha, sasa nafika saa 6 na nusu. Ngazi bado nahema. Damu napima tena baada ya wiki 6.

Kilichonishinda ni chai. Nimehamisha ya jioni, ya mchana kazini bado naiba.

KakaWaCoventry
Wenzako wa nyumba wanasemaje kuhusu harufu ya huo uji karibu na kipasha joto?

NeemaWaMidlands
Kuna mmoja aliumwaga Jumanne akidhani umeoza. Na kile kianzio ndani.

Mtu_wa_Shifti
Andika karatasi ubandike.

DadaWaGdansk
Samahani naingia mwishoni. Mimi niko Polandi, hakuna Belgrave hapa wala Mzee wa Jinja. Supamaketi yetu ina polenta na ngano iliyochemshwa ile nyeusi kidogo. Kuna aliyewahi kupata ulezi huku, na mlimtajia nani jina gani?